Asilimia mbili juu ya milioni 40: kamisheni iliyokuwa haki na bonasi iliyobaki hiari

Slipu ya mshahara iliyobeba kisa hiki ilikuwa ya mwezi ambao mlalamikaji hakupata kamisheni hata shilingi moja. Juu ilionyesha mshahara wa msingi, 650,000. Chini yake kulikuwa na mstari ulioandikwa KAMISHENI, na mbele ya neno hilo tarakimu 0.00. Alipoitoa kwenye bahasha aliniambia, "Hii iache kaka, hapa sikulipwa kitu." Nikamwomba aiweke juu ya zote.

Alikuwa afisa mauzo wa kampuni moja ya Dar es Salaam inayouza pampu za maji na vifaa vya umwagiliaji. Nilimsimamia mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi nikiwa mwakilishi kutoka chama cha wafanyakazi. Kampuni siitaji, naye simtaji. Tarehe na hesabu nazileta jinsi zilivyokuwa, maana ugomvi wote ulikuwa humo.

Aliajiriwa Machi 2021 kwa mkataba wa maandishi wa kurasa nne. Kipengele cha 7 kilisema mwajiri "anaweza, kwa hiari yake, kutoa bonasi ya mwaka kwa kuzingatia hali ya kampuni na utendaji wa mwajiriwa." Kamisheni haikutajwa popote. Januari 2022 meneja mauzo alituma ujumbe kwenye kundi la Watsapu la timu, na siku ileile akautuma kwa barua pepe: kuanzia mwezi huo, kila afisa mauzo atapata asilimia 2 ya fedha zitakazokusanywa kutoka kwa wateja wake juu ya lengo la milioni 40 kwa mwezi, na malipo yatatoka na mshahara wa mwezi unaofuata. Hiyo ndiyo hati yote ya kamisheni. Haikuwa na saini wala muhuri, na kwenye faili lake la ajira haikuingizwa.

Ilifanya kazi miezi 18. Kati ya hiyo alivuka lengo mara 14 na akalipwa mara 14. Miezi minne iliyobaki slipu iliandika 0.00.

Mwaka 2023 akapata mteja mkubwa, kikundi cha wakulima wa mpunga mkoani Morogoro, wakakubaliana mfumo wa umwagiliaji wa shilingi milioni 280 utakaolipwa kwa awamu tatu. Awamu ya kwanza, milioni 112, iliingia tarehe 14 Julai. Ukijumlisha na wateja wake wengine, mwezi huo alikusanya milioni 143. Toa lengo la milioni 40, inabaki milioni 103, na asilimia 2 yake ni 2,060,000. Ni zaidi ya mishahara mitatu yake kwa mwezi mmoja, na hapo ndipo kampuni ilipoanza kuona kwamba kamisheni ni hiari.

Tarehe 25 Agosti ilitoka barua ya idara ya rasilimali watu: utaratibu wa kamisheni umesitishwa kuanzia tarehe 1 Julai, na kampuni inakumbusha kuwa malipo yote ya motisha hutolewa kwa hiari ya mwajiri. Tazama tarehe hizo mbili. Barua ni ya Agosti, lakini inarudi nyuma hadi kabla fedha za Morogoro hazijaingia. Mshahara wa Agosti ukaja bila kamisheni. Tarehe 28 alikuwa ameshaandika barua pepe ya mistari mitatu kwamba hakubaliani na mabadiliko hayo. Tarehe 1 Septemba akatoa notisi ya kuacha kazi, na siku yake ya mwisho ikawa 30 Septemba. Awamu ya pili, milioni 112 nyingine, iliingia tarehe 20 Septemba akiwa bado kazini. Ya tatu, milioni 56, iliingia tarehe 20 Oktoba ameshaondoka.

Alidai kamisheni ya Julai, 2,060,000, ya Agosti, 240,000, ya Septemba, 1,960,000, na 320,000 ya awamu iliyoingia Oktoba. Juu ya hizo akadai bonasi ya mwaka, mshahara wa mwezi mmoja, kwa sababu Desemba mbili mfululizo aliwahi kulipwa.

Kabla ya kuingia kwenye hoja zenyewe, kulikuwa na jambo ambalo karibu lituangushe mlangoni. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hufikishwa Tume ndani ya siku 60 tangu ulipozuka. Wa kuachishwa kazi una siku 30 tu. Kamisheni ya Julai ilitakiwa kulipwa na mshahara wa Agosti, kwa hiyo ukihesabu kutoka tarehe 31 Agosti, siku ya 60 ni 30 Oktoba. Sisi tuliwasilisha fomu CMA F.1 tarehe 6 Novemba. Kampuni ikaweka pingamizi la awali papo hapo.

Huku nyuma yeye alikuwa anaandikiana na ofisi. Tarehe 12 Septemba walimjibu kwamba suala lake "linafanyiwa kazi", na tarehe 9 Oktoba wakamkatalia moja kwa moja. Unaweza kujenga hoja kwamba mgogoro ulizuka tarehe 9 Oktoba, siku ya kukataliwa, nasi tuliijenga. Lakini sikutaka kuiegemea peke yake. Mazungumzo na mwajiri hayasimamishi hesabu ya siku, na madai mengi mazuri nimeyaona yakifia kwenye "tulikuwa bado tunaongea." Tukaomba kuongezewa muda kwa fomu CMA F.2. Tulieleza kuwa alilazwa hospitali kuanzia 25 Oktoba hadi 3 Novemba, tukaambatanisha karatasi za kulazwa na kuruhusiwa, na tukaonyesha kuwa Jumatatu ya kwanza baada ya kutoka alikuwa Tume. Maombi yakakubaliwa. Asingekuwa na zile karatasi za hospitali, milioni mbili za Julai zingeweza kupotea bila mtu kufungua ukurasa wa pili wa faili. (Ndugu wa Kenya wana nafasi kubwa zaidi hapa: madai ya kawaida ya ajira kwao yana miaka mitatu.)

Usuluhishi ulishindikana, tukaenda mbele ya mwamuzi.

Hoja ya kwanza ya kampuni ilikuwa kipengele cha 7. Wakili wao alisema kamisheni ni aina ya motisha, motisha ni bonasi, na bonasi ni hiari. Ukiisikia haraka inaingia akilini. Ila ukiyaweka maandishi mawili sambamba unaona yanazungumzia vitu viwili. Kipengele kinasema mwajiri *anaweza*, ujumbe wa meneja unasema afisa mauzo *atapata*. Kipengele kinahusu malipo ya mwaka, ujumbe unahusu malipo ya kila mwezi. Na lililo kubwa kuliko yote: kipengele kinamtaka mtu akae, atazame hali ya kampuni, apime utendaji, kisha aamue kiasi. Ujumbe haumtaki mtu aamue chochote. Unahitaji taarifa ya makusanyo na kikokotoo.

Kipimo ninachokitumia mimi, na ambacho mwamuzi alikifikia kwa njia yake, ni swali hili: je, mtu asiyeijua kampuni hiyo, akipewa maneno ya ahadi na takwimu za mauzo, anaweza kuandika kiasi kinachodaiwa bila kumuuliza bosi? Akiweza, hicho ni kipande cha ujira. Asipoweza kwa sababu ahadi yenyewe inasubiri maoni ya mwajiri, hiyo ni hiari. Jina halibadilishi kitu. Nimewahi kuona barua ya ajira inayosema "bonasi sawa na mshahara wa mwezi mmoja italipwa kila Desemba". Hiyo inaitwa bonasi lakini ni deni kama mshahara wenyewe. Nimeona pia "kamisheni kwa kiwango ambacho uongozi utaona kinafaa", nayo ni hiari iliyovikwa jina la kamisheni.

Hapo ndipo slipu ya 0.00 iliposema. Meneja wa rasilimali watu alipotoa ushahidi alishikilia kwamba kila mwezi uongozi ulikuwa ukikaa na kuamua nani apewe. Nikampa slipu ile ya mwezi aliokosa lengo, nikamuuliza ni nani aliyeamua asilipwe mwezi huo. Akajibu, "Hakufikia lengo." Nikamuuliza tena kama kilifanyika kikao. Akanyamaza kidogo, akasema mfumo wa mishahara ndio unaoweka sifuri. Kisha tukaenda mwezi mwingine: makusanyo 61,350,000, kamisheni 427,000. Tukapiga hesabu mbele ya mwamuzi. Milioni 21 na laki tatu na nusu juu ya lengo, asilimia 2, ni 427,000 bila kuzidi wala kupungua. Tukafanya hivyo kwa miezi yote 14. Zawadi ya hiari haitoki imekatwa sawasawa namna hiyo mara 14.

Hoja yao ya pili ilikuwa kwamba meneja mauzo hakuwa na mamlaka ya kuifunga kampuni kwa ujumbe wa Watsapu. Hii si hoja ya kupuuza. Meneja yeyote anaweza kuahidi mbingu na dunia kwenye kundi la simu, na kama kampuni ingekaa kimya bila kulipa, tungekuwa na kazi ngumu. Lakini hii ililipa. Idara ya fedha ilitenga mstari kwenye slipu, ikalipa kutoka akaunti ya kampuni, ikakata kodi ya PAYE na michango ya NSSF juu ya kamisheni hiyo. Aliyefanya hivyo mwaka mmoja na nusu hawezi kuja kusema ahadi haikuwa yake.

Kuhusu ujumbe wenyewe, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu rekodi ya namna hiyo kupokelewa kama ushahidi, ila unaulizwa kama inaaminika. Hatukupeleka picha iliyokatwa ya sentensi moja. Tulipeleka simu yenyewe, nakala iliyochapwa ikionyesha jina la kundi, namba ya mtumaji, tarehe, na ujumbe uliotangulia na uliofuata, pamoja na kiapo cha mlalamikaji. Barua pepe ya siku ileile ikaunga mkono. Wengi hupoteza hapa kwa jambo dogo sana: siku ya kuondoka wanatolewa kwenye kundi, wanarudisha simu ya ofisi, na barua pepe ya kazi inafungwa saa hiyohiyo. Huyu alikuwa na tabia ya kujitumia slipu na taarifa zake za makusanyo kwenye barua pepe binafsi kila mwisho wa mwezi. Zilikuwa hati zinazomhusu yeye na mshahara wake, na ndizo tulizopigia hesabu.

Sheria nayo ilitusaidia mahali ambapo waajiri wengi hawapatazami. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira, yakiwamo ujira na jinsi unavyokokotolewa. Yakibadilika, mwajiri anatakiwa kuyarekebisha kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Na kama shauri likifika mbele ya chombo cha sheria na mwajiri akashindwa kutoa maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Kampuni ilikuwa na mkataba wa 2021 tu. Tangu kamisheni ianze Januari 2022 haikurekebisha kitu. Mwamuzi akasema aliyeacha pengo hilo ndiye anayepaswa kulijaza.

Kifungu hichohicho kikaimaliza barua ya 25 Agosti. Kusitisha kamisheni kulikuwa kubadilisha ujira, na hapakuwa na kushauriana. Palikuwa na barua tu, na mfanyakazi akaipinga ndani ya siku tatu. Ile barua pepe yake ya mistari mitatu ilikuwa na thamani kubwa. Angekaa kimya akaendelea kufanya kazi miezi mingi chini ya utaratibu mpya, kampuni ingesema alikubali kwa vitendo, na hoja hiyo huwa na nguvu. Kwa Julai hata kushauriana kusingewasaidia: fedha zilishaingia, lengo lilishavukwa, kazi ilishafanyika. Utaratibu wa kesho unaweza kujadiliwa, lakini kilichokwisha kuchumwa hakifutwi kwa barua.

Septemba ilikuwa na ugumu wake. Fedha ziliingia tarehe 20, lakini malipo ya kamisheni yalikuwa ya mwisho wa Oktoba, na yeye aliondoka 30 Septemba. Kampuni ikasema aliyekwisha ondoka hana kamisheni. Hapa lazima mtu atenganishe vitu viwili ambavyo kwenye mazungumzo ya kila siku huchanganywa: siku unapoichuma haki na siku unapolipwa. Kwa maneno ya meneja, haki inachumwa fedha zinapokusanywa juu ya lengo. Mshahara wa mwezi unaofuata ni ratiba ya kulipa tu. Ujumbe haukusema popote kwamba afisa awe bado kazini siku ya malipo, na sheria inataka mfanyakazi anapoondoka alipwe ujira wa kazi aliyoifanya kabla ya kuondoka. Akashinda.

Mikataba mingine huandika sharti hilo waziwazi: ulipwe tu kama bado uko kazini siku ya malipo. Likiandikwa lina uzito. Mwaka 2000 huko London, mfanyabiashara wa hisa aliyekuwa benki ya Nomura alikuwa na mkataba wenye bonasi ya hiari, isiyo na dhamana, inayotegemea utendaji binafsi na kuwapo kazini siku ya malipo. Aliiletea benki faida ya zaidi ya pauni milioni 22, akapewa bonasi sifuri. Siku ya malipo alikuwa bado kwenye ajira, japo alishapewa notisi, na hilo lilimwokoa. Mahakama Kuu ya Uingereza ikasema hiari ipo, ila haiwezi kutumiwa kwa namna ambayo hakuna mwajiri mwenye busara angeitumia, na kwa mkataba uliotaja utendaji binafsi sifuri haikuwa na maelezo. Akapewa pauni milioni 1.35. Hukumu ya Uingereza haimfungi mwamuzi wa Dar es Salaam, lakini husomwa na hushawishi.

Niliitumia kesi hiyo kwenye dai la bonasi ya mwaka, na hatukufanikiwa. Nadhani mwamuzi alikuwa sahihi. Desemba 2021 alilipwa 400,000, Desemba 2022 akalipwa 650,000. Hakuna aliyeweza kueleza kiasi kilivyopatikana, hata yeye mwenyewe. Kipengele kilitaja hali ya kampuni, na kampuni ilileta hesabu zinazoonyesha kwamba mwaka 2023, ambao bonasi yake tulikuwa tunaidai, hakuna mfanyakazi yeyote aliyepewa. Malipo mawili ya viwango tofauti hayajengi desturi ya kudaiwa. Ingekuwa wenzake wote wamepewa na yeye peke yake akanyimwa kwa kuwa alidai kamisheni, ningepigania mpaka mwisho, kwa sababu hapo hiari ingekuwa imetumika kumwadhibu.

Linaloniuma mpaka leo ni zile 320,000 za Oktoba. Mteja alikuwa wake. Yeye ndiye aliyekwenda Morogoro mara saba, mbili kati ya hizo kwa bodaboda kwenye matope hadi mashambani. Mkataba wa milioni 280 ulisainiwa kwa mkono wake, na awamu ya tatu ilikuwa imeandikwa humo. Lakini ahadi ilisema fedha "zitakazokusanywa" na "afisa mauzo atapata", na siku fedha zinakusanywa hakuwa afisa mauzo wa kampuni hiyo. Laiti meneja angeandika "mauzo yatakayosainiwa", haki ingekamilika siku ya kusaini na awamu zote tatu zingekuwa zake. Mwamuzi alisoma maneno yaliyokuwapo. Nilitafuta hoja ya kuyazunguka kwa uaminifu na sikuipata.

Tuzo ikawa 4,260,000. Kampuni ilikuwa na wiki sita za kuomba mapitio Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi. Haikwenda, ikalipa kwa mafungu mawili.

Miezi michache baadaye alinipigia akiwa na barua ya ajira mpya mkononi, kampuni nyingine ya vifaa vya umeme wa jua. Alikuwa ameruka ukurasa wa mshahara na kwenda moja kwa moja kwenye kamisheni. Neno lilikuwa lilelile, "zilizokusanywa". Akaomba libadilishwe kuwa "mauzo yaliyosainiwa", wakakataa, kwa sababu wateja wengine husaini na wasilipe. Ni hofu ya haki. Mwishowe wakakubaliana waliache neno na waongeze sentensi moja: kamisheni italipwa pia kwa fedha zitakazoingia ndani ya siku 90 baada ya mwajiriwa kuondoka, kutoka kwa mikataba aliyoisaini yeye. Akaniuliza kama inatosha. Nikamwambia asaini, na nakala ajitumie usiku huohuo.